Mtoto akituma picha ya mchoro au ya daftari bila neno lolote, mzazi aliye mbali ajibu nini?

"Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi za ndani Muskati, huu ni mwaka wa pili, na wanangu wawili wako Tanga kwa mama yangu. Binti wa miaka sita hunitumia picha za michoro yake kwa simu ya bibi, bila neno lolote. Naandika 'hongera sana mwanangu, umechora vizuri mno', naye ananyamaza. Wiki iliyopita kanichora pembeni ya karatasi, peke yangu, ndani ya kisanduku cheusi, sina mikono. Sikulala. Kaka yake ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, naye hutuma ukurasa wa hesabu tu. Nikimtumia majibu anasema 'sawa', nikimwambia ajitahidi anakaa siku kadhaa hatumi kitu. Sijui wanataka nini kwangu. Niwajibu vipi?"

Marahaba, dada yangu. Nitaanza na kile kisanduku cheusi, kwa kuwa ndicho kilichokunyima usingizi, na kwa kuwa kinaonesha jinsi mtu mzima anavyoweza kusoma katika mchoro jambo ambalo mtoto hakuliandika.

Mtoto wa miaka sita hachori kama kamera inavyopiga picha. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyechunguza michoro ya watoto kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1927 kwamba mtoto wa umri huu huchora anachokijua kuhusu kitu, si kile ambacho jicho linakiona wakati huo. Ndiyo maana utaona nyumba yenye ukuta na bado watu waliomo ndani wanaonekana, au meza ambayo miguu yake minne imetawanyika kama ya kaa. Mtoto anajua kwamba watu wamo ndani na kwamba miguu ni minne, basi anaiweka yote. Mikono ni jambo la aina hiyo hiyo. Watu wa kwanza kuchorwa na mtoto, akiwa na miaka mitatu au minne, hufanana na viluwiluwi: kichwa kikubwa, macho, na miguu inayotoka moja kwa moja kichwani. Kiwiliwili na mikono huja baadaye, tena haviji kila siku. Mtoto yule yule anaweza kuweka vidole vitano Jumatatu na kuisahau mikono yote Jumatano, kwa sababu siku hiyo akili yake ilikuwa kwenye nywele au kwenye gauni.

Kuhusu kukuchora pembeni, kumbuka kwamba mtoto wa umri huu hapangi karatasi kabla ya kuanza. Anachora kitu cha kwanza kinachomjia, mara nyingi katikati, halafu cha pili, na yule anayechorwa mwisho anapewa nafasi iliyobaki. Ukitaka kujua kama pembeni ina maana yoyote, muulize bibi nani alichorwa kwanza na nani mwisho, swali ambalo picha iliyokwisha kupigwa haiwezi kulijibu. Weusi nao, katika nyumba nyingi ninazozifahamu, ni penseli iliyokuwepo.

Nilipokuwa bado nafundisha darasa la awali, mtoto mmoja alimchora baba yake, ambaye alikuwa akifanya kazi mbali, akiwa amesimama ndani ya mstatili uliokolezwa pande zote nne. Shangazi aliyekuwa akimlea aliniletea karatasi ile huku mkono ukimtetemeka, akiamini kwamba mtoto amechora kaburi. Nilikaa na mtoto sakafuni, nikaweka kidole kwenye mstatili, nikamwambia, "Nisimulie hapa." Akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi, akasema, "Hiyo simu. Baba anakaa kwenye simu." Kwa miezi kumi na moja alikuwa amemwona baba yake ndani ya kioo cha simu tu, kuanzia kifuani kwenda juu, akiwa na uso na sauti lakini bila mikono ya kumbeba. Alichora alichokijua.

Sikusimulii haya ili niseme kwamba kisanduku cha binti yako nacho ni simu. Kinaweza kuwa simu, dirisha, ndege, chumba unacholala, au mstari aliouchora kwa kupenda kuchora mistari. Mimi siwezi kukisoma kutoka hapa, wala wewe huwezi kukisoma kutoka Muskati. Wapo watu ambao wamejaribu kutengeneza orodha za ishara, kwamba kukosa mikono ni dalili ya hofu, rangi nyeusi ni huzuni na udogo ni kujidharau. Ishara hizo, zikichukuliwa moja moja, hazijathibitika kuwa kipimo cha kuaminika cha kilichomo moyoni mwa mtoto, kwa sababu watoto wasio na shida yoyote nao huchora hivyo hivyo.

Maana ya mchoro wa mtoto mdogo inakaa katika nia yake zaidi ya umbo lililo kwenye karatasi. Mwaka 1998, watafiti Paul Bloom na Lori Markson wa Marekani waliwaomba watoto wa miaka mitatu na minne wachore puto, kisha wachore pipi ya kijiti. Michoro ikawa ni mviringo na mstari, mviringo na mstari, usingeweza kuitofautisha. Hata hivyo watoto walipooneshwa michoro yao baadaye, waliitaja kila mmoja kwa kile walichokusudia kukichora: hii puto, hii pipi. Ukiita pipi yake puto, kwa mtoto umeukosa mchoro kabisa. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kumuuliza mwenyewe, na namna ya kuuliza ndiyo inayobadilika kadiri umri unavyobadilika.

Sasa tuje kwenye ukimya wake baada ya "umechora vizuri mno". Fikiria jinsi maneno hayo yanavyomfikia. Mtoto wa miaka sita bado anajifunza kusoma, basi bibi anavaa miwani, anasoma, anasema, "Mama anasema umechora vizuri." Sauti si yako, na maneno hayana mahali pa kushika. Mtoto atajibu nini? Umetoa hukumu, tena hukumu nzuri, na hukumu ikishatolewa shauri limefungwa. Kama alitaka kukuambia kwamba paka amezaa na watoto wake ndio yale madoa matatu chini ya kitanda, nafasi ya kulisema hilo haipo tena.

Liko jambo jingine kuhusu neno "mno". Eddie Brummelman na wenzake nchini Uholanzi walichapisha mwaka 2014 uchunguzi ambamo watoto wa shule walichora, kisha wengine wakaambiwa kwamba mchoro wao ni mzuri na wengine kwamba ni mzuri ajabu. Baadaye waliachwa wachague wenyewe kati ya michoro rahisi na migumu ya kuiga. Watoto ambao tangu mwanzo walijiona si kitu, waliposifiwa kupita kiasi, walikimbilia iliyo rahisi, kana kwamba waliogopa kushindwa kuifikia tena ile sifa. Waliojiamini sifa hizo hazikuwarudisha nyuma. Sasa, mzazi aliye mbali huzidisha sifa kwa sababu ya upendo na kwa sababu ya kujilaumu, na mara nyingi humzidishia yule mtoto anayemwona mnyonge zaidi, ambaye ndiye sifa hizo humlemea. Sikukatazi kumpongeza mwanao. Ninachokuomba ni kwamba pongezi isiwe neno la kwanza, wala isiwe neno pekee.

Badala ya kuandika, mtumie ujumbe wa sauti, mfupi, usiozidi kama sekunde ishirini, ili ausikie mwenyewe na aweze kuurudia. Sema jambo hili kwa utulivu: "Mwanangu, mama amepata picha yako. Naona nyumba, naona jua lenye miale mingi, na huku pembeni naona mtu ndani ya kisanduku. Nisimulie huyu wa kwenye kisanduku."

Angalia yaliyomo katika maneno hayo machache. Kwanza anajua kwamba picha imefika, jambo ambalo sisi hulichukulia kuwa dogo, lakini kwake ndilo la kwanza. Pili unataja vitu vilivyopo kwenye karatasi, hivyo anajua kwamba uliitazama picha yake yeye, hukujibu kwa desturi. Tatu unasema "mtu", husemi "mimi", kwa kuwa hujui bado. Mwache yeye amtaje. Na mwisho unasema "nisimulie", husemi "hiki ni nini?" wala "kwa nini?". "Hiki ni nini?" humwambia mtoto kwamba mchoro wake haueleweki. "Kwa nini", katika nyumba zetu, ni swali linalotangulia kukaripiwa: kwa nini umemwaga maji, kwa nini umechelewa. Mtoto akilisikia huanza kutafuta kosa lake, na akilikosa hunyamaza. "Nisimulie" ni neno la hadithi, na mtoto wa Tanga aliyelelewa na bibi analijua tangu yuko mgongoni.

Akikaa kimya hata baada ya hapo, mpe siku, kisha mpe njia mbili tu za kuchagua: "Ile picha, ulitaka mama aione tu, au kuna kitu ulitaka mama akujibu?" Mtoto wa miaka sita hushindwa kujibu "unataka nini?", kwa kuwa swali hilo ni pana kama bahari, lakini huweza kuchagua kati ya mawili. Na akisema alitaka uione tu, mwamini, useme "nimeiona, nimeipenda ile miale ya jua", ukomee hapo. Picha nyingi hutumwa kwa kusudi hilo hilo, kama vile mtoto anavyopita mbele ya mama jikoni akiruka kwa mguu mmoja, asiombe lolote ila jicho.

Zaidi ya yote, shirikiana na bibi. Mweleze kwa upole, si kwa kumpangia, kwamba kabla ya kutuma picha amuulize mjukuu, "Tumwambie mama nini?", kisha ashike kitufe cha kurekodi mtoto aseme mwenyewe, hata ikiwa ni maneno matatu. Fumbo linalokusumbua kwa wiki nzima hufumbuliwa pale pale penye mkeka, kwa kuwa mtoto husimulia mengi zaidi wakati penseli ingali mkononi kuliko akiulizwa kesho yake.

Huenda basi akakujibu jambo linalouma. Tuseme anasema, "Ni wewe. Umefungiwa, huwezi kutoka." Hapo wazazi wengi hufanya moja kati ya mawili: hukataa haraka, "Hapana mwanangu, usiseme hivyo, mama yuko sawa", au huahidi, "Mama anakuja karibuni." Kukataa humfundisha kwamba wazo hilo halisemeki, ingawa atabaki nalo kichwani. Ahadi isiyo na tarehe ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto huanza kuihesabu. Rudia kwanza alichosema, "Unawaza kwamba mama amefungiwa hawezi kutoka", halafu mpe ukweli ulio sahihi kwako na unaoingia akilini mwake: unalala wapi, unakula nini asubuhi, nani yuko nawe. Muda useme kwa matukio, usiuseme kwa miezi. "Miezi minane" haina umbo kwake, lakini "baada ya Idi, na baada ya wewe kuingia darasa jipya" ina umbo, ikiwa kweli ndivyo ilivyo. Kama hujui lini utarudi, ahidi kitu kidogo unachoweza kukitimiza, kama kumpigia kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku, na ukitimize.

Kwa faida ya wenye watoto wadogo zaidi, wa miaka miwili au mitatu, niseme kwa ufupi kwamba maswali haya yote hayawahusu. Mikorokocho yao ni furaha ya mkono unaotembea na kuacha alama. Inatosha kusema, "Umezungusha, ukazungusha, kisha ukagonga nukta, tap, tap!" Ukiwauliza ni nini watakubunia jina ili wakuridhishe.

Kwa kijana wako wa miaka tisa mambo ni tofauti, kwa sababu ukurasa wa hesabu una jibu sahihi na jibu lisilo sahihi, naye anafahamu hivyo. Kabla ya kujibu, itazame picha yenyewe vizuri. Je, mwalimu ameshasahihisha, kuna wino mwekundu, au kazi bado haijakusanywa? Ukurasa uliosahihishwa ni habari: anakuletea matokeo, mazuri au mabaya, na haombi msaada wa usiku huo. Ukurasa ambao haujasahihishwa, uliotumwa saa tatu usiku, una uwezekano mkubwa wa kuwa ni kukwama. Na ukurasa wenye nafasi tupu katikati ya hesabu zilizofanywa umeshakuonesha penye tatizo, hata kama mwenyewe hakusema.

Baada ya hapo muulize waziwazi, kwa maandishi anayoweza kuyasoma mwenyewe, na kwa namna ambayo hatalazimika kukiri kwamba ameshindwa. Mwandikie: "Nimeupata ukurasa wako. Niambie namba: 1, nitazame tu. 2, nioneshe palipokosewa. 3, tufanye moja pamoja." Mvulana wa miaka tisa ambaye hawezi kuandika "mama, sielewi" anaweza kuandika "2". Nimeona watoto wengi wakijibu kwa njia hii waliokuwa kimya kwa wiki nyingi, kwa kuwa kuandika namba hakumwaibishi mtu.

Neno "jitahidi" nakuomba uliweke kando, na nitakuonesha sababu kwa hesabu moja. Chukua 304 kutoa 168. Watoto wengi wa umri wake huandika 264. Ukitazama haraka utasema alikuwa anacheza. Lakini fuata safu moja moja. Kwenye mamoja kuna 4 juu na 8 chini. Kwa kuwa 4 haitoshi kutoa 8, amegeuza, akatoa 4 kwenye 8, akapata 4. Kwenye makumi kuna 0 juu na 6 chini. Amegeuza tena, akapata 6. Kwenye mamia, 3 kutoa 1 ni 2. Ndiyo 264. Mtoto huyu ana kanuni, nayo inasema "toa ndogo kwenye kubwa", na ameifuata kwa uaminifu katika kila safu. Alikwisha kujitahidi. Ukimwambia ajitahidi, anasikia kwamba hukuona kazi yake, kisha anarudi kuifuata kanuni ile ile kwa bidii zaidi na kukosa zaidi. Haishangazi akikaa siku kadhaa bila kutuma kitu.

Kumtumia majibu nako hakuigusi kanuni hiyo. Ananakili jibu sahihi, 136, mwalimu anaweka alama ya vema, na hesabu inayofuata ya aina hiyo anakosa vile vile, sasa bila mtu kujua.

Utajuaje kama ni kanuni mbovu au ni haraka? Linganisha hesabu zenye kukopa na zisizo na kukopa. Kama 457 kutoa 123 amepata 334, ambayo ni sahihi, na nyingine za aina hiyo zote ni sahihi, huku zenye kukopa zote zimekosewa kwa namna ile ile, basi ni kanuni. Kama makosa yametawanyika huku na kule bila mpango, huenda amechoka, au amefanya huku akitazama mpira. Ukishaona, mwandikie kuhusu hesabu moja tu iliyo sahihi na moja iliyokosewa: "Ya 457 kutoa 123 umepata sawasawa, na umepanga namba zako vizuri. Ya 304 kutoa 168, nisimulie ulianzaje kwenye mamoja." Atakuambia, "4 na 8, nikapata 4." Hapo umeipata kanuni kutoka kinywani mwake.

Usimwambie amekosea, mpe njia ya kujipima. Mwambie ajumlishe jibu lake na namba iliyotolewa: 264 na 168. Atapata 432, na ataona mwenyewe kwamba hakurudi kwenye 304. Mshangao huo una kazi kubwa kuliko maelezo yako. Kisha bibi amletee vijiti: mafungu matatu ya mia moja moja yaweza kuwakilishwa na mawe matatu, hakuna fungu la kumi hata moja, na vijiti vinne vya mamoja. Aombwe kutoa vijiti vinane kwenye vinne. Haiwezekani, basi abadilishe jiwe moja la mia kwa mafungu kumi ya kumi, akabaki na mawe mawili. Kisha afungue fungu moja la kumi liwe vijiti kumi, akabaki na mafungu tisa na vijiti kumi na vinne. Sasa 14 kutoa 8 ni 6, mafungu 9 kutoa 6 ni 3, mawe 2 kutoa 1 ni 1. Ni 136, na 136 ukijumlisha 168 unarudi 304. Sifuri ya katikati ndiyo inayowaangusha wengi, kwa kuwa wanakwenda kukopa kwa jirani na kumkuta jirani hana kitu, wasijue kwamba wanapaswa kwenda nyumba ya tatu.

Ikiwa ni hesabu ambayo wewe mwenyewe huijui, sema hivyo. "Hii mama hakuifikia, nieleze wewe unavyoijua" si aibu, na mtoto anayemweleza mama yake mara nyingi hugundua mwenyewe mahali pasipoungana. Na akituma usiku wa manane, mwelekeze aandike pembeni ya swali "nimekwama hapa" kisha alale. Mwalimu akiona maneno hayo anajua pa kuanzia, na hapati ujumbe huo kutoka kwenye jibu lililonakiliwa.

Naelewa pia kwamba wewe huenda hushiki simu mpaka kazi ziishe, na ingawa Muskati iko mbele ya Tanga kwa saa moja tu, ukipumzika huenda wao wameshalala. Waambie mapema ni siku gani na saa gani hutazama picha, na ukiwa na dakika moja tu weka alama ya moyo ukiongeza "nitakujibu Ijumaa". Picha zao usiziweke hadharani wala usizisambaze kwenye kundi la ukoo bila kuwauliza. Mtoto wa miaka tisa akisikia mjomba anacheka hesabu zake hatatuma tena.

Kuna wakati ambapo majibu ya simu hayatoshi. Kwa kijana, kama baada ya wiki mbili au tatu za kufanya kwa vijiti kosa ni lile lile, au namba alizonakili ubaoni zenyewe si sahihi, bibi aende shuleni akaonane na mwalimu, na macho ya mtoto yapimwe, kwa kuwa asiyeuona ubao vizuri huanza kukosa kabla hajaanza kufanya hesabu. Kwa binti, mchoro mmoja hautoshi kukuhangaisha. Kinachonifanya mimi niinuke ni mabadiliko katika maisha yake yanayokwenda pamoja na michoro: jambo lile lile la kutisha linarudi wiki baada ya wiki, na wakati huo huo ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, hapati usingizi, amekataa shule, au anamkwepa mtu fulani. Hapo aonekane ana kwa ana na mtaalamu wa watoto katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, au na afisa ustawi wa jamii.

Na akisema, kwa mchoro au kwa kinywa, kwamba kuna mtu anamshika asivyopenda au anampiga, usimhoji kwa simu wala usimtake arudie mbele ya watu. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako", yaandike maneno yake kama alivyoyasema, na mtafute mtu mzima aliye karibu naye unayemwamini, asiye yule anayetajwa wala aliye chini yake. Mtu huyo ampeleke kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au apige simu 116, namba ya bure ya kusaidia watoto Tanzania.

Kuhusu picha ya wiki iliyopita, bado hujachelewa. Itafute kwenye simu, ibonyeze ili ujumbe wako uambatane na picha ile ile, na umwambie kwa sauti: "Mwanangu, nimerudi kuitazama tena picha yako. Mara ya kwanza sikukuuliza. Nisimulie kisanduku." Kisha umpe muda, kwa kuwa mtoto wa miaka sita anaweza kukaa hadi kesho kutwa ndipo ajibu, na pengine atakujibu kwa mchoro mwingine.